Meseji ya pesa isijibiwe na mashine

Kikundi chetu kidogo hapa Longech kiliniomba niwaandikie sheria: ni nini mashine inaweza kuposti au kujibu yenyewe, na ni nini lazima mtu asome kwanza. (Wengine huiita boti. Huku kwetu boti ni ya samaki, kwa hivyo nitasema mashine.) Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua wiki mbili, na sehemu kubwa ya huo muda ilienda kwa swali moja tu.

Watu wengi wakiandika sheria kama hizi huanza na mada. Mambo ya dini, hapana. Siasa, hapana. Salamu, sawa. Mimi naona hiyo ni njia mbaya, maana meseji hatari zaidi kwenye simu yetu haina siasa wala dini. Ni hii: "Pesa ya HSNP imeingia?"

Angalia hapo vizuri. HSNP ni ile pesa ya serikali ya kukinga njaa, shilingi 2,700 kwa mwezi, ila hulipwa ya miezi miwili pamoja, 5,400. Mara nyingi huchelewa. Sasa tuseme mwezi wa tatu tuliposti kwamba pesa imeingia, watu waende kwa ajenti. Mwezi wa tano mama anauliza, mashine inatafuta kwenye posti zetu, inaipata ile ya mwezi wa tatu na kumjibu kwa adabu kabisa: ndiyo, imeingia. Kila neno tuliliandika sisi, na lilikuwa kweli siku ile. Mama anavuka maji kwa boti hadi Kalokol, analipa nauli, anafika kwa ajenti, hakuna kitu. Nauli ya kurudi anakopa.

Kwa hivyo kipimo changu si mada. Nauliza: mtu akishasoma hili jibu, atafanya nini? Kama atasafiri, atalipa, ataingia ziwani au atatuma nambari ya kitambulisho, jibu linapita kwa mtu. Hata kama mashine ina hakika. Mashine huwa na hakika kila wakati, hiyo ndiyo shida yake.

Yanayobaki, mashine ijibu tu: ofisi inafunguliwa saa ngapi, mkutano unafanyika wapi. Lakini kila jibu la aina hiyo limeandikwa na mtu, lina tarehe, na baada ya siku 30 linazimika hadi mtu alisome tena. Meseji ya Kiturkana haijibiwi na mashine hata kidogo. Inakisia, na ikikisia haisemi kwamba inakisia.

Usiku, wakati hakuna mtu, inaruhusiwa sentensi moja: tumepata meseji yako, mtu atakujibu kesho kabla ya saa nne asubuhi. Chini yake ziko nambari mbili ambazo hazitegemei sisi, 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia. Isijaribu kufariji mtu.

Kuna mtu aliniambia naogopa bure. Nikamkumbusha Marekani, mwaka wa 2023. Shirika la NEDA, linalosaidia watu wenye matatizo ya kula, lilikuwa na mashine ya kujibu iliyoitwa Tessa. Ikaanza kuwapa watu ushauri wa kupunguza uzito, watu walewale ambao ushauri huo unawaumiza. Ilibidi izimwe. Mwanzoni Tessa ilitoa majibu yaliyoandikwa na watu, halafu kampuni iliyoiendesha ikaiongezea uwezo wa kutunga yenyewe, na shirika likasema halikujua. Ndiyo maana kwetu kuna kifungu kifupi: aliyetuuzia mashine habadilishi chochote bila sahihi ya mwenyekiti na katibu.

Posti za kupangiwa saa ndizo watu husahau. Unapanga Jumatatu picha ya samaki na maneno ya furaha, itoke Alhamisi. Alfajiri ya Alhamisi upepo wa ziwa unapindua boti. Picha yako inatoka saa mbili, watu wakiwa ufuoni wanangoja miili. Kwa hivyo hakuna kupanga zaidi ya siku mbili mbele, na watu wawili wana neno la siri la kusimamisha kila kitu. Mmoja wao lazima awe analala Longech, si Lodwar, kwa sababu habari za ziwa hufika ufuoni kwanza.

Na kila Ijumaa mtu anasoma majibu 20 ya wiki hiyo. Asitafute matusi, hayo yanaonekana haraka. Atafute mtu aliyeuliza swali lilelile mara mbili. Huyo alijibiwa, na hakusaidika. Apigiwe simu siku hiyohiyo.