Ushuru wa lori moja la mahindi, na mfereji wa plau

Msimu wa mahindi ukifika Ushetu, malori yanaanza kuingia vijijini kutoka Kahama na mbali zaidi. Mchukue kijana mmoja wa miaka 24, dalali, ambaye kazi yake ni kuzunguka na pikipiki kuulizia nani ana magunia, kukubaliana bei, kusimamia mizani na kulijaza lori la tajiri. Analipwa kwa gunia. Lori likijaa, anapanda mbele na dereva, na kilomita chache baadaye wanafika kwenye kizuizi cha ushuru, kamba na mti uliolazwa barabarani, ambapo mkusanyaji ameketi kivulini na mashine yake mkononi, ile wanayoiita posi.

Hapo pana swali analopaswa kulijibu, na hakuna mtu mwingine anayemwona.

Ushuru wenyewe si mkubwa kama watu wanavyoulalamikia. Hadi mwaka 2017 halmashauri ziliweza kutoza mpaka asilimia 5 ya bei ya mazao. Mwaka huo sheria ikapunguza: asilimia 3 kwa mazao ya biashara kama tumbaku na pamba, asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Anayelipa ni mnunuzi, si mkulima, na hesabu inafanywa kwa bei ya shambani. Mwaka huohuo ikaamuliwa pia kwamba mkulima anayehamisha mazao yake yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Kwa hiyo mama anayepeleka magunia manane kwa mwanawe aliyeko mjini hadaiwi kitu, na akidaiwa ana haki ya kuuliza ni kwa sheria gani.

Lori la dalali wetu si la mama huyo. Lina tani kumi. Tuseme bei ni shilingi 600 kwa kilo: mzigo una thamani ya shilingi 6,000,000, na asilimia 2 yake ni shilingi 120,000. Hicho ndicho kiasi kinachopaswa kutoka kwenye karatasi ya mashine.

Mchezo unaochezwa ni mwepesi. Dereva anashuka, anasalimia, anasema mzigo ni tani nne. Mkusanyaji analitazama lori, matairi yamebonyea, anajua. Anaandika tani nne. Risiti inatoka ya shilingi 48,000, na shilingi 20,000 inapita mkono kwa mkono bila karatasi. Tajiri ameokoa 52,000, mkusanyaji amepata nauli na zaidi, dalali ametupiwa elfu tano ya soda. Halmashauri imepoteza 72,000. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeumia, na kamba inashushwa.

Kijana wa namna hii si mwizi kwa tabia. Akiokota simu sokoni anairudisha. Lakini kwake ushuru si mali ya mtu, na kumdanganya mtoza ushuru ni ujanja wa mjini. Fikra hiyo ameirithi. Babu yake anakumbuka vizuri kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa mwaka 2003, ambapo kila mtu mzima alidaiwa kwa sababu tu yupo hai, na watozaji walipoonekana wanaume waliingia porini mpaka jioni. Wazee wanalisimulia jambo hilo kwa kicheko, na watoto wanacheka nao, na bila mtu kukusudia mtoto anakua akijua kwamba kodi ni kitu cha kukimbiwa. Kodi ile ilikuwa na kasoro zake. Ilimdai asiye na kitu sawasawa na mwenye kitu. Ushuru wa mazao haufanani nayo. Asiyenunua hadaiwi, na anayenunua kidogo anadaiwa kidogo.

Hebu tuifuate ile shilingi 72,000 ilikokuwa iende.

Halmashauri ya Ushetu ilizaliwa pale wilaya ya Kahama ilipogawanywa katika halmashauri tatu. Jirani zake Msalala wana mgodi wa Bulyanhulu, na Kahama Mji wana maduka na maghala. Ushetu ina mashamba. Mapato yake ya ndani kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye tumbaku, pamba, mahindi na mpunga, yaani yanapita kwenye vizuizi na mizani za namna hii. Sehemu ya fedha hizo inakwenda kwenye kitu ambacho kila kijiji kinakijua: boma. Wananchi wanachangishana mchanga, mawe na matofali, wanainua kuta za darasa au zahanati mpaka kwenye lenta, halafu wanasubiri halmashauri iezeke. Boma linaweza kusubiri misimu kadhaa, mvua ikilila kidogo kidogo, mpaka kuta zianze kupasuka na nguvu za watu zianze kupotea.

Malori mia moja yakipita kwa mchezo ule katika msimu mmoja, halmashauri inapoteza shilingi 7,200,000. Kwa bati la shilingi 30,000, hizo ni bati 240. Mwalimu anayefundishia chini ya mwembe anaweza kuielewa hesabu hiyo bila kuelezwa.

Sehemu nyingine inamhusu dalali mwenyewe. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kijana huyu na wenzake wanne wamesajili kikundi. Wanataka mashine ya kukoboa mpunga, na kila mara wanaporudi ofisini wanaambiwa makusanyo hayajatosha. Wanatoka wakinung'unika kwamba Serikali haiwajali vijana. Kati ya 72,000 zilizoyeyuka pale kizuizini, 2,880 zilikuwa za mfuko wao. Ni pesa ndogo, haitoshi hata chakula cha siku cha kikundi. Kwa malori mia ni 288,000, na hiyo bado ni kizuizi kimoja.

Atasema, na wengi wanasema: hata nikilipa, watakula wao. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwa sababu ina ushahidi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia mara nyingi kutaja wakusanyaji ambao mashine zao zinaonyesha wamepokea fedha ambazo hazikufika benki, na mashine zinazokaa muda mrefu bila kuunganishwa na mfumo. Mikopo yenyewe ya asilimia 10 ilisimamishwa mwezi Aprili 2023 baada ya kuonekana kwamba fedha nyingi hazikurejeshwa na kwamba kulikuwa na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ndiyo kusema, wapo maofisa walioiba, na wapo pia vijana waliochukua mkopo wa vijana wenzao wakagawana na kuvunja kikundi.

Lakini itazame ile hoja kwa makini. Mkusanyaji hawezi kuiba peke yake shilingi 72,000 za tani sita ambazo hazikuandikwa. Anahitaji mtu wa upande wa pili akubali risiti ya uongo. Kiasi kilichoandikwa kwenye mashine kinaacha alama, na mkaguzi akija anaweza kukidai hata kama kimeliwa. Ndivyo hao waliotajwa kwenye ripoti walivyojulikana. Kisichoandikwa hakidaiwi na yeyote. Anayesema “watakula” halafu akapokea karatasi ya tani nne amewasaidia kula bila kuacha mifupa.

Kwa hiyo kazi ya dalali pale kamba ilipo ni ya dakika mbili. Aitazame risiti kabla ya lori kuondoka: tarehe ya leo, aina ya zao, uzito uliopimwa, kiasi kilicholipwa. Uzito usiolingana na mizani, au risiti iliyoandikwa kwa kalamu badala ya kutoka kwenye mashine, au “njoo uichukue kesho”, ni dalili kwamba fedha imepita pembeni. Tajiri akikasirika, dalali ana jibu rahisi: kwenye kizuizi kinachofuata lori linaweza kupimwa, na atakayelala hapo na mzigo ni dereva. Na kijijini, mkutano mkuu unaopaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu ndipo mapato na matumizi ya kijiji yanaposomwa. Vijana wengi huwa hawaendi. Wanawaachia wazee, kisha wanashangaa maamuzi ya wazee.

Kuna kodi nyingine ambayo kijana huyu analipa kila siku bila kujua, na hii hawezi kuikwepa. Kwenye kila lita ya petroli anayoweka kwenye pikipiki yake kuna tozo ya barabara, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Akitumia lita tatu kwa siku, ametoa shilingi 300. Greda lililopita kwenye barabara ya kijiji chake mwaka jana, yeye ni mmoja wa waliolilipia.

Sasa tazama barabara hiyo inavyokufa. Mvua za kwanza zinaponyesha, wakulima wanapeleka majembe ya ng'ombe shambani. Njia rahisi ni kuwafunga ng'ombe nyumbani na kuwaacha waburute plau barabarani mpaka shambani. Barabara ya changarawe imetengenezwa na mgongo katikati, ili maji yamwagike pembeni kwenye mitaro. Ncha ya plau inachora mstari mwembamba juu ya mgongo huo, kufuata urefu wa barabara. Ukiuona siku hiyo hautishi, una upana wa vidole viwili. Mvua ikija, maji yanaufuata mstari badala ya kwenda mtaroni. Yanabeba udongo laini unaoshikilia kokoto, kokoto zinalegea, mstari unakuwa mfereji, na kwenye mteremko mfereji unakuwa korongo. Kufikia msimu wa kuuza, lori la tani kumi linakataa kuingia kijiji hicho, au linaingia na kupunguza bei kwa kila gunia kwa sababu ya barabara. Anayebeba hasara hiyo ni yuleyule mwenye plau.

Greda halirudi kila mwaka. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inakataza kuharibu barabara, ila hakuna askari atakayesimama kila njia panda alfajiri ya kulima. Anayepita hapo alfajiri ni kijana mwenye pikipiki, na mwenye plau ni baba yake mdogo.

“Shikamoo, baba mdogo. Hiyo plau ungeipakia kwenye mkokoteni.”

“Marahaba. Mkokoteni umebeba mbegu.”

“Basi tuipandishe juu ya mbegu, nikusaidie.”

Plau inashikwa na watu wawili, inalazwa ubavu, inafungwa kwa kamba. Kama hakuna mkokoteni, inaweza kuachwa shambani kwa jirani mpaka kulima kuishe, jambo ambalo wengi wanalikwepa kwa kuogopa wezi wa vyuma chakavu.