Barua kwa Mpwa Wangu Kuhusu Safari ya Umra

Tanga, 23 Novemba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia pamoja na ile karatasi ya wakala. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Kwamba umenuia kumpeleka mama yako, dada yangu, Makka kabla magoti yake hayajamshinda kabisa, nimefurahi kiasi ambacho siwezi kukueleza. Nakuombea Mungu akutimizie. Lakini hesabu yako haitakufikisha, na ni afadhali nikwambie leo kuliko uje kuligundua hilo Oktoba ijayo.

Umeandika hivi: wakala anataka shilingi 3,875,000 kwa mtu mmoja, ninyi ni wawili, jumla 7,750,000, ukigawa kwa miezi 12 unapata kama 646,000 kwa mwezi. Kugawa umegawa sawa. Ulichokigawa ndicho chenye kasoro, kwa sababu hiyo ni bei ya kifurushi tu, na safari ni kubwa kuliko kifurushi. Halafu hiyo miezi 12 huna. Wakala anataka amaliziwe malipo mwisho wa Oktoba ili mwondoke mwishoni mwa Novemba, kwa hiyo fedha utakazopata Novemba yenyewe zitakuwa zimechelewa. Ukianza Desemba hii, una miezi 11 ya kuweka.

Nilimpigia huyo wakala nikamuuliza bei hiyo ameipataje. Akanieleza bila kuficha kwamba ni dola 1,550 kwa mtu, na kila dola ameihesabu kwa shilingi 2,500. Siku hizi kanuni zinataka bei za hapa nchini ziandikwe kwa shilingi, lakini tiketi ya ndege na hoteli za kule analipia kwa fedha za kigeni, ndiyo maana chini ya karatasi yako pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba bei inaweza kubadilika. Mwaka jana tu, 2024, dola ilipanda ikapita 2,700, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imerudi karibu na 2,400. Hakuna ajuaye itakuwa wapi Oktoba. Kwa hiyo mimi nimehesabu kwa 2,700, na kifurushi chenu kimekuwa 8,370,000. Dola ikibaki ilipo, utabakiwa na 620,000 mkononi, na mzazi mzee akiwa ugenini fedha ya ziada haikosi kazi.

Sasa nikupe jambo ambalo sijapata kukusimulia. Mimi na mke wangu tulipokwenda, niliweka akiba ya kifurushi peke yake na vijisenti vya juu. Kifurushi kile hakikuwa na chakula, na hoteli tuliyoambiwa ni ya karibu ilikuwa mbali na Msikiti, tukawa tunapanda teksi. Siku ya nne nilikuwa na riyali 90 mfukoni. Tulipokuwa kwenye sai, tukifika mzunguko wa nne, mke wangu aliketi chini ukutani, akavua soksi, akanionyesha miguu ilivyovimba. Vigari vya kukokota wagonjwa vilikuwa vinapita mbele yetu. Sikuwa na fedha ya kukodi kimoja. Alinyanyuka akamaliza kwa kunishika bega, na jioni ile nilimpigia simu kaka yangu kuomba nitumiwe fedha. Sitaki mama yako apitie hilo.

Kati ya Safa na Marwa ni kama mita 450, na unakwenda mara saba, kwa hiyo ni zaidi ya kilomita tatu, baada ya kuwa umeshazunguka Kaaba mara saba. Wewe utaweza. Yeye, anayepumzika mara mbili akitoka sokoni, hataweza. Mwekee riyali 300 za kigari, usizitoe humo kwa jambo lolote. Riyali imefungwa kwa dola, 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo kwa hesabu yetu kila riyali ni shilingi 720, na kigari ni 216,000. Chakula nimeweka riyali 40 kwa siku kwa kila mmoja, siku kumi: hizo ni riyali 800, sawa na 576,000. Karatasi yako haisemi lolote kuhusu chakula, na kisichoandikwa mle uhesabu kuwa hakimo.

Vile vidogo vidogo nimevikusanya pamoja. Pasipoti ya mama yako ni 150,000, yako bado ina miaka. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo lazima mchomwe angalau siku kumi kabla ya safari, nimeiwekea 120,000 kwa wote wawili. Nguo za ihramu na viatu 100,000, nauli za kwenda Dar es Salaam na kurudi 150,000. Jumla yake ni 520,000. Zawadi nimeziwekea 400,000 na nakuomba uishie hapo, kwa maana ndugu zetu ni wengi na kila mmoja atataka msala na tende. Mwisho, nimeweka 300,000 za kuacha nyumbani. Hilo hukuliwaza. Cherehani zako zitakuwa kimya karibu wiki mbili, lakini kodi ya kibanda haitasimama, na mke wako na watoto watakula.

Ukijumlisha yote unapata 10,382,000. Niliongeza akiba ya dharura kidogo nikafikisha 11,000,000. Hicho ndicho kiasi cha kweli. Kwa miezi 11 ni milioni moja kila mwezi, na najua umeshtuka, kwa sababu umeniambia mwenyewe kwamba mwezi wa kawaida ukijibana sana unabakiwa na laki sita.

Lakini wewe si mwajiriwa wa mshahara, mwanangu, wewe ni fundi cherehani. Kugawa sawa kwa sawa ni hesabu ya watu wa mshahara. Fedha yako inakuja kwa mafungu. Desemba na Januari ni sare za shule. Ramadhani mwakani inaanza katikati ya Februari, Idi iko Machi, na hapo unashona kanzu na magauni hadi usiku wa manane. Aprili hadi Juni, masika, unakaa unatazama mvua. Julai zinarudi sare kidogo. Kwa hiyo malengo yako nayo yapande na kushuka. Desemba weka 1,200,000, Januari 1,500,000, Februari 1,300,000, Machi 1,600,000. Hapo umeshaweka 5,600,000 kabla ya masika. Aprili, Mei na Juni weka laki tano tano tu, Julai laki tisa, kisha Agosti hadi Oktoba laki sita sita. Hiyo ni 9,800,000. Ukisubiri kuweka laki sita sita na kula fedha za Idi kwa kuona kwamba mwezi umekuwa mzuri, hutafika.

Inabaki 1,200,000. Mama yako ameniambia kikoba chao kinavunjwa Desemba, kwamba fungu lake ni kiasi hichohicho, na kwamba alikupa ukakataa. Nakuomba ulikubali. Najua ulitaka heshima ya kumpeleka kwa jasho lako lote, na nia hiyo Mungu ameiona. Lakini yeye naye ana haja ya kwenda kwa fedha yake. Mwambie hiyo ndiyo fedha ya chakula, ya kigari na ya zawadi zake, ukamilishe tu kinachopungua.

Umeuliza kama mngengoja Ramadhani ya mwaka unaofuata kwa ajili ya fadhila zake. Fadhila zake sizipingi. Lakini Ramadhani bei za hoteli za Makka hupanda sana, hasa kumi la mwisho, na umati wake ni mzito kwa mtu wa magoti. Zaidi ya hayo ndio mwezi unaokulisha. Ukifunga kibanda Ramadhani umeacha kanzu zote za Idi kwa fundi wa jirani, na wateja wengine hawatarudi. Novemba hali ya hewa kule imepoa, na wewe huna msimu wa kupoteza.

Fedha usikae nazo kwenye simu. Ziko karibu mno na vidole. Fungua akaunti ya peke yake kwenye benki yenye huduma za Kiislamu, bila kadi, na kila Jumamosi jioni ukishalipa vijana wako peleka ulichonacho, usisubiri mwisho wa mwezi. Usiingie mchezo wa kupokezana kwa ajili ya safari hii, hata kama wenzako ni waaminifu: zamu yako ikiangukia Novemba, haikusaidii kitu.

Kipimo chako kiwe tarehe 31 Machi. Siku hiyo, pamoja na fedha ya kikoba na baada ya kutoa pasipoti, kitabu kionyeshe karibu 6,650,000. Ikiwa imepungua kidogo, endelea. Lakini ukiikuta chini ya milioni 5 na nusu, miezi ya masika haitaziba pengo hilo, na usimpe wakala malipo ya awali hata akikwambia nafasi zinakwisha. Sogeza safari mbele miezi mitano au sita, na kabla ya kuchagua tarehe mpya uangalie Hija iko lini, maana wiki kadhaa kabla yake Umra husimamishwa. Kusogeza hakuna aibu. Kukopa kwa ajili ya Umra sikuruhusu, na mama yako akijua hatapanda ndege.

Kabla hujamlipa, mwombe wakala akuandikie mambo matatu: jina la hoteli yenyewe na si "hoteli hiyo au inayolingana nayo", kama chakula kimo, na atakurudishia kiasi gani mmoja wenu akiugua kabla ya safari. Chumba cha watu wanne ndicho kilichofanya bei iwe hiyo, maana yake mama yako atalala na wanawake wengine na wewe na wanaume. Mweleze mapema asije akashtuka.

La kuanza nalo ni pasipoti. Cheti cha kuzaliwa cha dada yangu kina jina la babu yetu limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye kitambulisho chake cha taifa, na kusahihisha jambo hilo huchukua muda. Mchukue Jumatatu hii, pitieni kwangu asubuhi. Vyeti vya baba yetu ninavyo sandukuni, nitakwenda nanyi.

Ni mimi mjomba wako,
nikupendaye.