Barua Iliyorudi Pamoja na Insha

Tulipoanza kufundisha, tulimrudishia binti mmoja insha iliyojaa wino mwekundu. Tangu siku hiyo aliandika mistari mitano tu kila mara, ili makosa yawe machache. Ndiyo maana siku hizi haturudishi insha bila barua. Hii tulimwandikia mwanafunzi wa hapa Mapendo, aliyesimulia jinsi mtaa wetu ulivyohama tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kutapika moto.

Mwanetu mpendwa,

Insha yako tumeisoma mara mbili. Mara ya kwanza hatukushika kalamu, kwa maana godoro lile kichwani mwa kaka yako tuliliona kwa macho. Makosa ni mengi, lakini tumechagua matatu, nayo yatosha kwa juma hili.

La kwanza ni upatanisho. Umeandika: "Vitu yetu yote ilibaki nyumbani." Nyumbani husemi hivyo, wasema "bintu byetu byote bilibaki", na kila neno hulifuata jina lake. Basi sikio lako lajua kanuni tayari. Weka vi mahali pa bi: "Vitu vyetu vyote vilibaki nyumbani." Ukiwa na shaka, shika jina, ulifuate hadi kwenye nukta.

La pili ni mfuatano wa matendo. "Tulifunga mlango, tulibeba godoro, tulitoka" ni kama orodha ya sokoni. Anza na li, kisha ka ivute hadithi: "Tulifunga mlango, tukabeba godoro, tukatoka." Lakini ka haiwezi kurudi nyuma. Umeandika: "Tulifika Sake, tukamwacha bibi." Msomaji atadhani mlimwacha Sake. Kama alibaki Mapendo, andika: "Tulipofika Sake, tulikuwa tumemwacha bibi Mapendo."

La tatu ni mahali pa kuanzia. Aya yako ya kwanza yasema kwamba volkano ni jambo baya duniani. Hayo angeweza kuyaandika mtu asiyewahi kufika Goma. Bibi yako, aliyekataa kutoka kwa sababu ya miguu yake, umemweka katika mstari wa mwisho, na hukutuambia kama mlimkuta mliporudi. Futa aya ile. Anza na bibi mlangoni. Alisema nini? Alishika nini mkononi? Andika ulichokiona na ulichokisikia tu. Na kama habari hiyo ni nzito mno kuandikwa, anza na godoro; hatutakupunguzia alama.

Andika upya ukurasa mmoja, utuletee Ijumaa.

Mwalimu wako.

Ijumaa alileta kurasa tatu. Upatanisho ulikuwa umekosewa mara nne, nasi tuliuweka alama kwa kalamu ya risasi. Ukurasa wa kwanza ulianza na bibi ameketi juu ya kigoda, akiwahimiza wajukuu wasisahau sufuria.