Uso Tu, Sio Mwili Mzima

"Nawa uso." Hiyo ndiyo dawa ya kwanza utakayopewa ukianza kutetemeka mbele ya watu. Nyanya atakuambia hivyo, matroni wa bweni atakuambia hivyo, hata makanga atakuambia hivyo. Ushauri wenyewe ni mzuri, shida ni kwamba umefupishwa mno. Ukikimbia kwa sinki ukajirushia maji mara tatu huku unahema, utarudi na shati limelowa na moyo ni ule ule. Maji baridi hushusha wimbi la hofu kupitia njia moja ya mwili, na njia hiyo ina masharti yake.

Tuanze na wimbi lenyewe, kile tunachoita kupaniki. Adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka, na kichwa kinakuambia unakufa. Kwa kawaida wimbi hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha linaanza kushuka. Dakika kumi ni chache ukisubiri chai ichemke. Ukiwa umebanwa kwa kiti cha nyuma cha matatu na unaamini moyo unasimama, ni milele. Hapo ndipo mbinu za haraka za mwili zina kazi, kwa sababu saa hiyo akili haisikii hoja. Huwezi kubishana na mapigo 130 kwa dakika.

Mnamo 1870, mwanasayansi Mfaransa Paul Bert aliona kwamba bata akizamishwa majini, moyo wake hupunguza mwendo. Mnamo 1940, Mnorwe Per Scholander alichapisha utafiti wake kuhusu wanyama wanaozama, wakiwemo sili, na akaeleza jinsi miili yao inavyobana matumizi ya oksijeni wakiwa chini ya maji. Sisi binadamu tuna mwitikio huo huo, ila wetu ni hafifu. Unaitwa mwitikio wa kuzamia. Kwenye paji la uso, kuzunguka macho na juu ya mashavu kuna matawi ya neva inayoitwa trijemina. Baridi na maji vikigusa hapo huku umezuia pumzi, neva hiyo inaambia shina la ubongo kwamba umezama. Ubongo haungoji kujua kama ni Bahari ya Hindi au ni karai ya kufulia. Unatuma amri kupitia neva nyingine, vagasi, ambayo ndiyo breki ya moyo. Moyo unapunguza kasi ndani ya sekunde chache.

Kwa hivyo masharti ni matatu: sehemu sahihi ya uso, baridi ya kutosha, na pumzi iliyozuiwa. Ukikosa moja, breki inashika kidogo tu. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, aliiweka mbinu hii kwenye mafunzo aliyowaandalia watu ambao hisia zao hupanda ghafla, na maelekezo yake ni ya kupimika: inama, zuia pumzi, weka uso kwenye maji baridi kwa kama sekunde 30, lakini maji yasiwe chini ya nyuzi 10 za selsiasi.

Hakuna mtu ana kipimajoto kwa keja, kwa hivyo mimi hutumia mkono. Tumbukiza mkono kwenye beseni. Ukiona tu kwamba ni maji ya kawaida, hayatoshi. Ukianza kuuma mpaka kwenye mifupa, yamezidi. Unataka yale ya katikati, ya kukufanya useme "wuui" bila kutoa mkono. Nairobi mwezi wa Julai, maji ya mfereji asubuhi yanafaa vile yalivyo. Mombasa mwezi wa Januari mfereji unatoa chai ya rangi, kwa hivyo itabidi utafute barafu kwa jirani mwenye friji.

Acha niwape kisa kimoja chenye nambari. Usiku mmoja wa Julai, saa nane hivi, wimbi lilinipata nikiwa nimelala. Hakukuwa na ndoto mbaya wala habari mbaya. Nilishtuka tu, kifua kimekaza na vidole vinawasha. Beste yangu alikuwa amelala kwa sofa usiku huo, na tulikuwa tumeshaongea kuhusu hii kitu. Akanishika kifundo cha mkono, vidole viwili chini ya kidole gumba, akahesabu kwa sekunde 15.

"Thelathini na tatu," akasema. Mara nne, hiyo ni 132.

Akajaza beseni nusu, akaiweka juu ya meza. Nikaketi. Nikavuta pumzi ya kawaida, si ile ndefu ya kujaza mapafu, nikainama hadi maji yakapita macho na mashavu. Sekunde tano za kwanza ni mbaya, siwezi kuwadanganya. Kila kitu ndani yako kinasema toka. Kuanzia kama sekunde ya kumi niliusikia moyo ukipiga polepole, kishindo kimoja, halafu nafasi, halafu kingine. Nilifika ishirini nikainuka. Kulazimisha thelathini wakati unahisi unakabwa kutakuongezea hofu, na kumi na tano zilizotulia zinafanya kazi pia.

"Leta mkono," akasema. Ishirini na tano. Yaani 100.

Tukangoja dakika moja, tukarudia, ikawa 22, ambayo ni 88. Mikono ilikuwa bado inatetemeka na kifua kilikuwa bado kizito. Hofu haikuwa imeisha. Kilichobadilika ni kwamba nilianza kuweza kumsikia mtu akiongea na mimi, na kwa kazi ya sekunde arubaini hivi, hiyo ni bei nzuri.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Wanasema kama uso unasaidia, basi shawa ya baridi ya mwili mzima itasaidia zaidi. Sivyo. Maji baridi yakimwagika ghafla kifuani na mgongoni, mwili hujibu kwa mshtuko: unavuta pumzi kwa nguvu, unahema haraka, moyo unapanda. Ni karibu picha kamili ya kupaniki. Kuna watu wanaipenda shawa hiyo asubuhi, na ni sawa, lakini katikati ya wimbi unaongeza petroli. Uso tu. Shingo kwenda chini ibaki kavu.

Jambo la pili ni kwamba breki hii haikai. Ukitoa uso majini, moyo unaanza kupanda tena baada ya muda mfupi, kwa sababu adrenalini bado iko kwenye damu. Maji yanakununulia dakika moja au mbili, na dakika hizo unazitumia kwa pumzi. Moyo huongeza kasi kidogo unapovuta hewa ndani na hupunguza unapoitoa nje. Kwa hivyo fanya kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita au nane, polepole, kama unapoza uji bila kuumwaga. Wale wanaokuambia "vuta pumzi kubwa, kubwa kabisa" wana nia njema, lakini mtu anayepaniki tayari anapumua kupita kiasi. Ametoa hewa ya kaboni nyingi mno, na hiyo ndiyo sababu vidole vinawasha, midomo inakufa ganzi na kichwa kinazunguka. Dakika tatu za kutoa pumzi polepole kawaida hurudisha vidole.

Na ukiwa kwa matatu? Beseni huna, lakini kwenye jam ya Pangani kuna mtu anauza maji yaliyotoka kwa ndoo ya barafu. Nunua chupa moja, usifungue. Inama kama mtu anayetafuta kitu kwa begi, laza chupa juu ya macho na mashavu, zuia pumzi hesabu ya kumi na tano, pumua, hamisha chupa upande ule mwingine, rudia. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya beseni lakini ipo. Jirani yako atadhani una hangova. Muache adhani. Kama ni barafu tupu umepata, izungushie leso kwanza, isije ikakuunguza ngozi.

Sasa, si kila mtu ajaribu. Kitu kinachopunguza mapigo ya moyo ni kitu cha kuheshimiwa. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, ukiwa unatumia dawa zinazopunguza mapigo, ukiwa ni mtu wa kuzirai, au mwili umedhoofika kwa kutokula, uliza daktari kwanza. Na kama ni mara ya kwanza kifua kukaza hivyo, nenda hospitali upimwe, usijitangazie kwamba ni hofu. Maumivu yanayosambaa kwa mkono au taya, au kuzirai, hayangojei beseni. Kuna pia moyo ambao huwaka ghafla kama swichi ukiwa umetulia, ukapiga 180, kisha ukazimika ghafla vile vile. Hiyo inaweza kuwa hitilafu ya umeme wa moyo. Madaktari wenyewe wakati mwingine huituliza aina moja ya hitilafu hiyo kwa baridi usoni, kwa hivyo maji kukusaidia si ushahidi kwamba shida ilikuwa hofu. Ushahidi ni kile kipimo cha umeme wa moyo.

La mwisho ndilo ambalo mimi huwaza zaidi. Mnamo 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza kwamba kinacholisha wimbi ni tafsiri: mtu anahisi moyo ukienda mbio, anautafsiri kama kifo, anaogopa zaidi, moyo unaongeza mbio. Ukitumia chupa ya maji kila mara, kuna tafsiri mpya inayojengeka kimya kimya, kwamba ulipona kwa sababu ya chupa. Siku utakayoisahau kwenye meza, hofu itaanza hata kabla hujafika stejini. Hapo chupa imeshageuka hirizi.

Kwa hivyo mimi nina mpaka. Wimbi likiwa limenifunga masikio, nataka kuruka kutoka kwa gari linalotembea, natumia maji. Likiwa dogo, mapigo yamepanda lakini bado naweza kusoma mabango ya barabarani, naiacha chupa kwa begi na nahesabu kutoa pumzi tu. Siku zingine hata pumzi sihesabu. Naangalia saa, naona dakika zinavyosonga, na karibu na ya kumi moyo unashuka wenyewe, bila maji, bila mtu. Hizo ndizo dakika zinazonifundisha kitu ambacho beseni haiwezi, kwamba moyo ulikuwa salama hata ulipokuwa unapiga 132.