Ng'ombe kwanza, salamu baadaye

Mwanzoni mwa 2012 vyombo vya habari vya nje vilifika Lanet Umoja, nje kidogo ya mji wa Nakuru, kumtafuta chifu anayetumia Twitter. Francis Kariuki alikuwa amezoea kuwafikia wakazi kwa ujumbe mfupi: kondoo aliyepotea, baraza lililoitishwa ghafla. Kisa kilichosimuliwa zaidi ni cha wezi waliovamia nyumba ya mwalimu alfajiri. Chifu aliandika, majirani wakajitokeza, wezi wakatimka.

Wengi wa waliosoma hawakuwa na simu janja. Ujumbe wa Twitter uliwafikia kama SMS kwenye simu ya kawaida, na SMS moja hubeba herufi 160. Twitter ilitenga 20 za jina la mwandishi, zikabaki 140. Humo hamkuwa na nafasi ya kuulizana hali. Kilichopotea na mahali kilipopotelea vilibidi vitangulie.

Mama mmoja wa Lanet, ambaye siku hizi huandikia mtaa wake matangazo, anakumbuka kwamba ubahili huo wa maneno ulikuja kupotea. Simu janja zilipoenea watu walihamia Facebook na Instagram, na kapsheni ya Instagram inapokea hadi herufi 2,200. Adabu ikarudi na urefu wake wote. Tangazo lake la ng'ombe aliyepotea lilianza hivi: “Hamjambo ndugu zangu wapendwa wa Lanet, natumaini mmeamka salama na Mungu amewalinda. Nawaomba msaada wenu kwa jambo lifuatalo:”

Ni salamu nzuri, ila ng'ombe hayumo. Instagram huonyesha takriban herufi 125 za mwanzo, nafasi zikihesabiwa, kisha huficha zilizobaki hadi msomaji abonyeze. Herufi ya 125 ya tangazo lile inaangukia ndani ya neno “lifuatalo”. Anayepitisha kidole haraka akiwa kwenye matatu ya kwenda mjini anadhani ametakiwa heri ya asubuhi, naye anaendelea na safari.

Mama yule akalipindua: “Ng'ombe mweusi, baka jeupe usoni, amepotea Lanet Umoja tangu jana jioni.” Hizo ni herufi 72. Ukiongeza “Ukimwona piga” na namba ya simu yenye tarakimu kumi, zinafika 97, bado ndani ya mpaka. Salamu hakuitupa, ilishuka aya ya pili. Wazee walinung'unika kidogo, na mtu anaweza kuwaelewa: kwao, kuanza na haja kabla ya hujambo ni utovu wa adabu.

Hata 125 si mpaka wa kutegemea sana. Anayekuza maandishi kwenye simu yake huona machache zaidi, na arifa kwenye kioo kilichofungwa hukata mapema zaidi. Ndiyo maana mnyama na alama yake hukaa mwanzo kabisa. Tangazo likitumwa kwa SMS kuna mtego mwingine, nao umejificha ndani ya neno ng'ombe lenyewe. Alama iliyonyooka (') imo katika orodha ya herufi za SMS. Ile iliyopinda (’), ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe, haimo, na ikipenya kama ilivyo ujumbe wote hushuka kutoka nafasi 160 hadi 70. Tangazo la herufi 97 hapo hugawanywa sehemu mbili na kulipiwa mara mbili.

Kisha ikaja video. Mwaka 2013 Facebook ilianza kuzichezesha zenyewe bila sauti, na mwaka 2016 baadhi ya wachapishaji waliliambia jarida la Digiday kwamba takriban asilimia 85 ya video zao hapo zilitazamwa kimya. Mwenye ng'ombe akihojiwa zizini, anaonekana akifungua mdomo tu. Mama yule akaanza kuandika sentensi ileile juu ya picha yenyewe tangu sekunde ya kwanza, kwa herufi nene, bila kungoja mwenye mali amalize kujitambulisha. Huiweka sehemu ya juu ya katikati, kwa sababu chini hufunikwa na jina la ukurasa na kapsheni, na kulia kuna vitufe.

Lakini mstari unaojitosheleza husafiri peke yake. Watu huupiga picha na kuutuma WhatsApp, na “jana jioni” huendelea kusomwa wiki nzima. Siku hizi anaandika tarehe. Mnyama akipatikana, hurudi kwenye kapsheni na kuweka AMEPATIKANA mbele ya maneno yote. Video zilizokwisha kusambazwa haziwezi kurekebishwa, kwa hiyo simu za watu waliomwona ng'ombe mweusi huendelea kuingia hata baada ya ng'ombe mwenyewe kurudi zizini.