Mwenye Nyumba Amekubali, Lakini Soma Hiyo Meseji Vizuri

Nilimwomba mwenye nyumba ruhusa binamu yangu achukue chumba kimoja kwangu, awe ananilipa 6,000 kwa ile kodi ya 18,000. Jibu lake: "Sawa, akae. Lakini mpangaji wangu ni wewe. Kodi yote itoke kwako, na ukihama naye anahama."

Beshte yangu akasema huyo mzee ana roho mbaya. Mimi naona zii. Binamu akianza kumtumia kodi moja kwa moja, kesho anaweza kudai yeye pia ni mpangaji, na kumtoa itakuwa noma. Shida sasa iko kwangu: binamu akikwama mwezi mmoja, bado nadaiwa 18,000 yote, na akivunja sinki inakatwa kwa dipoziti yangu.

Kwa hivyo nilimwandikia mzee tena, nikataja jina la binamu, chumba na tarehe ya kuingia. Akajibu "sawa", nikapiga skrinshoti, maana keateka akibadilishwa huyo mpya hatajua tulisikizana nini. Binamu naye tukaandikiana: notisi ya mwezi mmoja, na dipoziti yake ya 6,000 nashika mimi. Alinuna siku mbili hivi, akalipa.