Vichwa Vitatu, Ratiba Tatu

Nyumbani kwetu hatuwapeleki wote kupunguzwa nywele siku moja. Nywele hukua takriban milimita tatu kwa juma; kipimo ni kimoja, lakini athari zake hutofautiana.

Kijana wetu hunyolewa fedi: chini karibu na ngozi, kisha nywele huongezeka kidogo kidogo kuelekea juu. Milimita tatu zatosha kuanza kuufuta mteremko huo, kwa hiyo humwendea kinyozi kila baada ya majuma mawili.

Binti yetu ana bobu ya urefu mmoja, na uzuri wake ni ule mstari wa chini. Nywele za kisogoni zikianza kuchungulia chini ya mstari, wakati umefika: majuma sita hadi manane.

Mama yao, mwenye matabaka marefu, hungoja hata miezi mitatu, kwani sentimita chache hazionekani katika nywele ndefu. Ncha zikianza kupasuka, hasubiri tena.

Harusi ikiwa Jumamosi, kijana hunyolewa Alhamisi, ngozi ipate kutulia. Binti hupunguzwa juma moja kabla, na mama majuma mawili.